Pete Haikugonga

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na kumi na sita. Hapana, naongopa. Ilikuwa kumi na saba, maana kumi na sita nilikuwa bado kwenye ule mji wenye kiwanda cha magodoro, na meno yangu ya mbele yalikuwepo yote mawili. Huku nilifika na pengo. Basi ni kumi na saba, na anayebisha aje anichungulie mdomoni.

Mimi ni fundi wa pasi na feni. Sijawahi kukaa mahali mpaka jogoo wa jirani akanizoea. Mji huo niliofika na pengo nilipewa nafasi chini ya ngazi, kwenye jengo ambalo chini lilikuwa duka la rangi na juu darasa. Sakafu ya darasa ndiyo ilikuwa dari yangu, tena ya mbao zilizoachana, kwa hiyo vumbi la chaki lilinidondokea kichwani na maneno yakanidondokea masikioni. Walikuwa wanafunzwa Kijerumani, watu wazima kwa ndevu zao, wanaotaka kwenda kule kuhudumia wazee kwenye nyumba zao za kulelea wazee. Shule yangu mwenyewe iliishia darasa la nne. Kijerumani nimekisomea chini ya ngazi, kwa sikio moja, maana la pili lilikuwa linasikiliza feni.

Nataka kuwaeleza habari za mwanamke mmoja wa darasa lile. Tulimwita Chanda.

Alinijia mara ya kwanza na pasi iliyoungua waya.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umeipika hiyo pasi au umeipigia nguo?"

"Imenipika yenyewe, babu." Akanionyesha mkono. Kuanzia kiwiko hadi kiganja ulikuwa na alama za moto, zingine za zamani, zingine mbichi. Alikuwa mpiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, mashuka na mito kutwa nzima. Kazi ilikuwa imemwingia mwilini kiasi kwamba hata akizungumza nawe, kama kuna kitambaa mbele yake, kiganja chake kinakinyoosha. Alikinyoosha kitambaa changu cha kufutia grisi mpaka nikaona haya kukitumia.

Siku nyingine alinieleza kwa nini alikuwa anapanda ngazi zile. Mama yake alipigwa na kiharusi, akalala upande mmoja kwa miaka. Chanda ndiye aliyemgeuza, akamwosha, akamlisha kijiko kwa kijiko, mpaka Mungu akamchukua.

"Watu walinipa pole, babu," alisema. "Pole nyingi, asante zao. Lakini hakuna aliyeniambia kuwa ile ilikuwa kazi, na kwamba niliiweza. Nasikia huko kuna watu wanaisomea, na ukimaliza unaitwa kwa jina la kazi yako. Nataka niitwe hivyo. Hata mara moja tu."

Hilo ndilo alilokuwa analitaka. Wengine darasani walitaka magari na nyumba za vioo, wala siwalaumu. Yeye alitaka kuambiwa kuwa aliiweza.

Sasa kama kuna chanda kuna pete. Rafiki yake alikuwa muuzaji wa duka la rangi, mle mle chini, ukuta mmoja na mimi, naye pia alisoma darasa lile la juu. Walikulia ua mmoja, wakala sahani moja, wakanyolewa chawa siku moja. Huyo alikuwa na pete kubwa ya shaba, yenye jiwe, na alikuwa anagonga nayo makopo ya rangi mbele ya mteja. Ko! Kopo limejaa. Kong! Limepungua, rudisha. Mteja hasikii tofauti, lakini anasadiki. Kwa hiyo tukamwita Pete, na mwenzake akawa Chanda, na wote wawili walifurahia.

Pete alikuwa na mdomo mwepesi. Akinipita asubuhi husema, "Babu, leo pengo limelalaje?" Nami humjibu, "Limelala wazi." Nilimpenda. Sitasema uongo kwa sababu ya yaliyotokea baadaye, nilimpenda.

Mwalimu wao alikuwa bwana mwembamba, aliyekaa kule ujana wake wote. Shida yake kubwa na wale wanafunzi haikuwa Kijerumani. Ilikuwa Kiingereza. Wote walikuwa wamekisoma kidogo shuleni, na lugha hizi mbili zina undugu, basi mtu akikwama kwenye Kijerumani anatumbukiza neno la Kiingereza, akilipinda kidogo mkia. Mara nyingi linakubali. Mara nyingine linamfedhehesha.

"Kuna maneno," alikuwa akisema mwalimu juu ya kichwa changu, "yamevaa shati la kaka yako. Ukimwona mtu kwa nyuma unamkimbilia, unamkumbatia, anageuka, kumbe mume wa watu!"

Darasa hucheka. Lakini walikumbatia waume za watu kila siku. Chanda mwenyewe, wiki za mwanzo, aliulizwa anataka kuwa nani akasema *bekommen*, akidhani ni lile *become* la Kiingereza, kuwa. Kumbe kwa Wajerumani ni kupata. Akawa amesema anataka kupata muuguzi. "Na mimi nataka kupata mmoja," akadakia jamaa mmoja, dereva wa lori, "awe mweupe mweupe." Huyo dereva Mungu hakumchelewesha. Siku walipotembelewa na mgeni wa Kijerumani, dereva alileta jemu ya shangazi yake, akasimama, akajisifu kwamba jemu hii haina *Präservative* hata kidogo. Alitaka kusema haina dawa ya kuhifadhi chakula isioze, kwa Kiingereza neno ni kama hilo hilo. Kwa Kijerumani alimhakikishia mama wa watu kwamba ndani ya jemu hamna kondomu. Mgeni, mwenye adabu zake, alisema anafurahi kusikia hivyo. Kuanzia siku hiyo dereva aliitwa Jemu, na hadi leo ukimwita hivyo anageuka.

Kwa hiyo mwalimu akawawekea mtindo. Aliwagawa wawili wawili, Chanda akapangwa na Pete, kila mmoja awe mlinzi wa mdomo wa mwenzake. Ukisikia mwenzako ametia neno la Kiingereza kwenye nguo za Kijerumani, usimsahihishe, usimcheke. Gonga mbao mara moja. Yeye atanyamaza, arudi nyuma, alitafute mwenyewe. "Anayesahihishwa husahau," alisema mwalimu. "Anayegongewa hukumbuka."

Basi juu ya kichwa changu ikawa ko, ko, ko kutwa, kama ndege gogota wamehamia. Na mlio mkali kuliko yote ulikuwa wa ile pete ya shaba. Chanda alinieleza kuwa alifikia mahali hata kazini, akiwa peke yake na mashuka yake, akiwaza kwa Kijerumani na kukosea, anaisikia ile pete. "Pete ananilinda hata hayupo," alisema.

Habari ikaja kwamba mkuu wa nyumba moja ya wazee atakuja kuwahoji, na atachukua watu wawili. Wawili, ndivyo ilivyosemwa. Mahojiano yatakuwa ya jozi: wataulizwa habari zao, kisha mmoja ataigiza mzee mgonjwa na mwenzake amhudumie. Chanda na Pete ndio waliokuwa wanaongoza darasani. Kila mtu alijua. Jemu alishaanza kuwaomba walete picha za theluji.

Jioni ya kuamkia siku hiyo walikaa mlangoni pangu kujipima. Pete akawa mgonjwa aliyevunjika nyonga, akalala kwenye benchi langu, miguu imening'inia, analia "Au! Au!" mpaka mpita njia mmoja akauliza kama tuite gari. Chanda akamwinamia, akamshika bega, akamwambia kwa Kijerumani asiinuke. Akasema *müssen nicht*.

Ko! Pete ikagonga benchi.

Chanda akafumba macho, akalitafuta, akasema *dürfen nicht*. Pete akatikisa kichwa, ndiyo.

Nikauliza, "Kosa lilikuwa wapi? Mbona nilisikia mamoja?"

Pete ndiye aliyenieleza, akiwa bado amelala. "Babu, Kiingereza ukisema *must not*, ni marufuku. Kijerumani kina neno linalofanana nalo kabisa, ukilitia *nicht* unaona limekuwa lile lile. Wapi! Maana yake inakuwa si lazima. Sasa wewe mwambie bibi aliyevunjika nyonga, 'Bibi, si lazima uinuke.' Atakwambia, 'Asante mjukuu wangu, lakini napenda,' huyo ameinuka, puu, chini!" Akaigiza kuanguka kwenye benchi, nasi tukacheka. Chanda alicheka mpaka akajifuta macho kwa kile kitambaa changu cha grisi, akaondoka na masizi shavuni.

Nawaomba mkumbuke maneno hayo ya benchini.

Kesho yake Chanda alikuja na gauni lililopigwa pasi mpaka likakaribia kusema. Pete alikuwa ametangulia, duka limefungwa. Alimkuta juu. Mimi nikabaki na feni ya mtu, nimeifungua, lakini mikono ilikuwa mezani na masikio darini.

Maneno sikuyasikia vizuri, wageni walisema kwa sauti ya chini. Nilisikia viti. Nilisikia sauti ya Chanda, ikitetemeka mwanzoni kisha ikapata nguvu. Halafu nikasikia meza ikiburutwa, nikajua sasa mgonjwa analazwa. Halafu nikasikia hatua. Mtu alikuwa anatembea, kwa kuchechemea, taratibu, kutoka ukutani hadi dirishani. Sauti ya Chanda ikapanda juu ya hatua zile, inarudia jambo moja, tena na tena. Kisha kicheko kikubwa cha watu wengi. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, mahojiano yakifika kwenye kicheko yamekwisha salama.

Chanda akashuka ngazi anakimbia kama binti.

"Babu, wamecheka! Yule mama mkuu alivua miwani akafuta machozi!"

"Kaa basi, unisimulie. Usinirukie, anza mwanzo."

Akakaa kwenye benchi. Kiganja kikaanza kunyoosha kitambaa. Akaniambia waliulizwa habari za nyumbani, naye akataka kusema wao ni watu wa kawaida, watu wasio na makuu. Neno la kawaida likamkimbia, mwalimu alikuwa amewafunza *einfach*, halikuja. Akachukua la Kiingereza, *ordinary*, akalivalisha. "Nikasema natoka kwenye familia *ordinär*," akanieleza, "na mama mkuu akainua nyusi, akaandika. Nikamtazama Pete. Pete alikuwa amenitazama vizuri tu, anatabasamu, basi nikajua nimepatia."

"Vizuri," nikasema mimi, mjinga.

"Halafu tukaigiza. Nikamlaza Pete kwenye meza, nikamfunika, nikamshika mkono. Nikamwambia asiinuke. Babu, huyu Pete ni shetani! Akanijibu, 'Si lazima, lakini napenda,' akateremka mezani! Na nyonga imevunjika! Akaanza kutembea darasa zima, anachechemea, mimi namfuata nyuma na shuka namwambia asiinuke, asiinuke, *Sie müssen nicht, Sie müssen*..."

Ko.

Sikuligonga mimi. Mkono wake mwenyewe, ule uliokuwa unanyoosha kitambaa, ulikuwa umejikunja ngumi na kugonga benchi langu. Ulikuwa umezoeshwa. Uligonga kabla yeye hajajua kwa nini.

Midomo ikaendelea kwenda bila sauti, anayarudia maneno, moja moja. Nikaona uso unampauka.

"Nilisema si lazima," akasema polepole. "Nilimkimbiza mgonjwa darasa zima, babu, namwambia si lazima ainuke."

"Ulimi uliteleza, mwanangu. Ulimi hauna mfupa."

"Alinijibu kwa maneno yale yale. Ya hapa. Ya jana." Akapapasa benchi kama anamtafuta mtu aliyelala. "Si lazima, lakini napenda. Alijua. Alisikia kosa, akalishika, akalitumia."

Nikatamani nimpe pasi aitengeneze, mikono ipate kitu.

Mwalimu akashuka. Alipomwona alivyokaa akajua amekwisha kujua. Akamweleza lililobaki, kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya. Lile neno la familia halina maana ya kawaida kwa Wajerumani. Ni mtu mchafu wa maneno, asiye na haya. Chanda alikuwa amemwambia mkuu wa nyumba ya wazee kwamba yeye ni mtoto wa watu wachafu wa mdomo. Mama yake, yule aliyemlisha kijiko kwa kijiko, alikuwa ndani ya neno hilo.

"Niliwaeleza wageni kuwa ni kuteleza," mwalimu akasema. "Wakaelewa, wakacheka. Lakini lile la mgonjwa hawakulicheka moyoni. Mkuu alisema kazini neno hilo linavunja mtu. Na nafasi ikiwa moja..."

"Moja?" Chanda akauliza. "Si mbili?"

Mwalimu akamtazama. "Zimepungua. Nilimwambia mwenzako asubuhi, hapo juu ngazini, nikamwomba akwambie. Hakukwambia?"

Chanda akatazama duka la rangi, mlango ulikuwa na kufuli. Pete alikuwa ameshuka kwa ngazi ya nyuma, ile ya kupandishia makopo.

Nilidhani atalia. Hakulia. Akasema kitu ambacho sikukielewa wakati huo. "Nilimshika mkono, babu. Nilipomlaza. Ulikuwa laini. Pete haikuwepo kidoleni."

Pete alichaguliwa, akaondoka. Hakuja kuaga mlangoni pangu, wala pengo langu halikuulizwa tena limelalaje. Duka likapata muuzaji mwingine, kijana mpole aliyekuwa anaamini kila kopo limejaa. Chanda hakupanda tena ngazi zile. Mwalimu alimfuata hadi hotelini kumsihi, akamwambia mahojiano yatakuja mengine, naye akamjibu kuwa Kijerumani hakimtatizi. "Kinachonitatiza ni kwamba kila nikifungua mdomo nangoja kugongewa, na sasa sijui kama kimya ni sahihi au ni mtego." Nami naona hapo ndipo alipoumizwa kuliko hata kuikosa nafasi. Adui akikuwekea mtego unauruka. Mlinzi wako akinyamaza, utajuaje?

Mimi nikaendelea na safari zangu, mji huu na ule. Niliporudi miaka ilikuwa imepita, nywele zangu zimefuata meno. Nilimkuta Chanda kwenye nyumba ya wazee ya pale pale mjini, iliyofunguliwa na watu wa dini, vitanda vichache na ua wa kuanikia. Anageuza, anaosha, analisha. Pasi pia anapiga, mashuka ya wazee wake yananyooka kuliko ya hoteli. Bibi mmoja kipofu alikuwa anamwita Nesi. Nikamuuliza kama sasa ameridhika, kuitwa kwa jina la kazi. Akasema, "Bibi haoni, babu. Anamwita hivyo kila anayepita, hata muuza mkaa." Lakini alikuwa anacheka kidogo.

Siku niliyokuwa pale natengeneza feni ya ukumbi, Pete akaja. Alikuwa amerudi likizo, amenenepa kidogo, amebeba mfuko wa sabuni na losheni za wazee. Alisimama uani, akaita hodi kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake.

Chanda alikuwa amemwinamia mzee, anamkata kucha. Hakuinua uso. "Karibu. Kiti kile pale."

Walizungumza kama watu wanaovuka mto wenye mawe yanayoteleza. Za safari. Za baridi. Za wazazi. Hatimaye Pete akasema, "Nilikuwa mgonjwa siku ile. Nilicheza mgonjwa. Mgonjwa hufanya anachoambiwa."

Mkasi ukaendelea, taratibu, kidole hadi kidole.

"Umemsikia, mzee?" Chanda akamwambia yule wa kucha. "Basi wewe usiinuke. Ni marufuku, nimekwambia kwa Kiswahili."

Mzee akacheka bila kujua anacheka nini. Pete hakucheka. Akaweka mfuko wake juu ya meza, akaaga, na mimi nikamsindikiza hadi langoni, maana nilimpenda zamani, na mtu hasindikizwi kwa sababu ni mwema.

Nikamtazama mkono. Kidoleni hapakuwa na kitu, alama tu imebaki, mviringo mweupe mweupe.

"Pete iko wapi, mwanangu?"

"Kule hatuvai, babu. Ni sheria ya kazi. Pete inakwaruza ngozi ya wagonjwa, na inabeba uchafu. Mwalimu alitufundisha mapema kabisa, hukusikia? Ukiingia kwa mgonjwa, vua."

Nilikuwa nimesikia, kweli. Nilikuwa nimesikia pale chini ya ngazi, na vumbi la chaki likaniingia machoni. Kwa hiyo nikamuuliza, na nimewauliza wengine tangu hapo, mwalimu kabla hajafa, na Jemu, na hata Chanda mwenyewe, na wote wametazama pembeni kama alivyotazama yeye, akafungua lango, akaenda zake:

Asubuhi ile, ulipoivua pete kabla ya kuingia, uliivua kwa ajili ya mgonjwa, au kwa ajili ya Chanda?